Koti Lilitangulia

Video ilianza na pambio. Vumilia aliiegemeza simu kwenye kikombe chake cha kahawa, juu ya meza ya ofisini Sundbyberg, wakakaa kuitazama watu watatu: yeye wakili, Janvier mshtakiwa, na Emérithe mama yake Janvier. Emérithe kwa kweli hakuwa anaitazama. Alikuwa anatazama dirisha, mkoba kaukumbatia kama mtu anayeogopa kuporwa.

Kwenye video Janvier amesimama mbele ya kanisa, maikrofoni mkononi, shati jeupe. Pembeni yake Mchungaji Zacharie, jasho linamtiririka.

"Niliiba, jamani," Janvier anasema. "Niliiba koti la mtu."

"Bwana asifiwe! Sema yote!" watu wanaitikia.

"Na nikampiga."

"Ukampiga kwa nini, mwanangu?" Mchungaji anamwekea mkono begani. "Ili ubaki na mali ya watu! Tamaa ilikushika mpaka ukawa tayari kumwaga damu usiliachie lile koti! Kweli si kweli?"

Janvier anainamisha kichwa. "Amina."

Kanisa zima linapokea: amina! Kinanda kinalia.

Vumilia akaisimamisha hapohapo.

"Hapo," akasema, "ndipo ilipo jela."

"Jela?" Emérithe akageuka sasa. "Dada wakili, mtoto katubu mbele za Mungu, jela ya nini tena?"

"Mungu sijui atasema nini, mama. Mimi najua atakachosema mwendesha mashtaka. Jirani yenu mmoja kaiona hii, kampelekea. Siku ya kesi itachezwa kwenye skrini kubwa."

Janvier akajifunika uso. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mabega ya mtu mzima, lakini alivyokaa kwenye kile kiti ungedhani kaitwa na mwalimu mkuu. Alikuwa anasomea uuguzi msaidizi, na nyumba ya wazee ya Fisksätra ilishamwahidi kazi ya majira ya joto. Rekodi yake polisi ilikuwa safi, hata tiketi ya treni hajawahi kukwepa. Sasa kashtakiwa unyang'anyi.

"Nieleze tena," Vumilia akamwambia. "Pole pole. Nataka mpangilio."

"Nimeshaeleza."

"Nieleze tena."

"Svara henne," mjibu, mama yake akamgombeza kwa Kiswidi kibovu, na Janvier akajibu, "Mamma, sluta," mama, acha, halafu akaeleza.

Ilikuwa zamu yao ya kufua. Kwenye jengo lao, kama majengo yote ya huku, kuna chumba kimoja cha kufulia chini kabisa kwenye ghorofa ya ardhini, tvättstuga, na kila familia inachukua zamu. Aliingia kwa chipu yake ya kufungulia mlango, akafua mashuka na nguo za mama. Kwenye kabati la kukaushia akakuta koti la mtu wa zamu iliyotangulia. Koti zuri, jeusi, lina manyoya shingoni. Akalijaribu. Akajitazama kwenye kioo cha mashine. Halafu akalivua, akalikunja, akalizamisha kwenye mfuko wake wa nguo chini ya mashuka.

"Wazo la kuiba lilikujia lini?"

"Nilipojiona kwenye kioo." Akaona aibu. "Nilikuwa nimependeza."

Emérithe akatoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio.

"Halafu mwenyewe akaja," Janvier akaendelea. "Mikael, dereva wa basi, anakaa ghorofa ya tatu. Akasimama mlangoni. Mkono wa koti ulikuwa unaning'inia nje ya mfuko. Akasema, hilo koti langu. Nikalitoa nikamrushia. Akanishika. Akasema nibaki hapa, anapiga simu polisi. Nikamsukuma, akaanguka, nikakimbia."

"Ukaacha mfuko."

"Nikaacha kila kitu."

"Na sare yangu ya kwaya!" Emérithe alishindwa kujizuia. "Kitenge kipya, dada wakili, tulishona wote pamoja. Polisi wamekifungia mpaka leo. Kwaya nzima njano, mimi nasimama nyuma na sketi ya kazini. Watu wananiuliza, Mama Janvier, umefiwa?"

Hivyo ndivyo walivyompata Janvier. Polisi walifungua mfuko, wakakuta kitenge kimetariziwa jina la kwaya na la mama yake.

Vumilia alisubiri mpaka akamaliza kucheka moyoni, halafu akasogeza kiti.

"Sikilizeni. Mwanzoni polisi waliandika kuvunja na kuingia. Hilo nimeshaliondoa. Janvier aliingia kwa chipu yake, kwa zamu yake. Chumba cha kufulia si nyumba anamoishi mtu. Kuingia kulitangulia, wazo baya likafuata ndani. Hajavunja popote. Limebaki hili kubwa." Akavua skafu yake shingoni, akaiweka mezani. "Hii ni koti. Nimeiba. Mama, nikamate."

Emérithe akamtazama mwanawe, halafu akaishika skafu, taratibu. Vumilia akaivuta upande wake na kumsukuma kidogo begani.

"Nimekusukuma ili nibaki nayo. Huo ni unyang'anyi. Sheria ya hapa haijali kama nguvu imetangulia wizi au imefuata. Nikikamatwa palepale nikatumia nguvu usichukue chako, mimi ni mnyang'anyi, sawa na aliyekupiga kwanza akaiba baadaye. Umeelewa? Sasa tena." Akairusha skafu mapajani kwa Emérithe. "Chukua. Nimekuachia. Bado umenishika. Nikikusukuma sasa, nagombania nini?"

"Unagombania mlango," Emérithe akasema.

"Mama, wewe ungekuwa hakimu. Huo ni wizi na kumdhuru mtu. Makosa mawili, na yote mawili atayakiri, kwa sababu Mikael alikuwa na haki ya kumshika. Mwizi akifumwa, yeyote anaweza kumshika mpaka polisi waje. Lakini wizi na kusukuma, kwa kijana ambaye hajawahi kukosa, vina njia ya kutokea. Unyang'anyi hauna. Ni jela, na umri wake hautapunguza kitu."

"Si uongee na huyo mwendesha mashtaka? Apunguze kidogo, na sisi tukiri?"

"Hapa hakuna biashara hiyo. Anashtaki anachoamini, mahakama inaamua." Akamgeukia Janvier. "Polisi uliwaambia nini kuhusu koti?"

"Niliwaambia sikumbuki."

"Ulikuwa hukumbuki?"

"Nilikuwa naogopa."

Basi ndiyo hali ilivyokuwa. Kwa polisi kasema hakumbuki, kanisani kasema amina, na sasa anakumbuka vizuri sana kitu kinachomwokoa. Vumilia mwenyewe, angekuwa upande wa pili, asingemwamini.

Walipoondoka alibaki anaitazama skafu yake. Hakuwa wakili wa maneno mengi. Baba yake, aliyekuja kutoka Tanzania kusomea mambo ya simu na akabaki akaoa hukuhuku, mtaa wa Farsta, alikuwa akisema binti yake akishika kitu ni kama kupe. Alichukua koti lake akaenda Fisksätra, kwenye jengo la kina Janvier.

*

Emérithe alimfungulia kwa chipu. Korido ya chini ilikuwa ya saruji, baridi, inanuka sabuni. Mlango wa chumba cha kufulia ulikuwa mzito na unajifunga wenyewe.

"Nani aliniambia Mikael alisimama mlangoni?" Vumilia aliuliza.

"Janvier. Na Mikael mwenyewe, alivyowaambia polisi."

Vumilia akafungua mlango, akaweka mgongo wake kuuzuia usijifunge, uso ndani, korido nyuma yake. Ndivyo mtu angesimama. Mlango mmoja tu, madirisha madogo juu yana nondo. Ukitaka kutoka ni lazima umpitie aliyesimama pale, na ukimsukuma ataanguka koridoni.

"Mama, nirushie kitu. Simama pale kwenye kabati."

"Kitu gani?"

"Chochote. Hilo taulo."

Emérithe alirusha taulo kama mtu anayelisha kuku. Likaanguka katikati.

"Si hivyo. Umefumaniwa na kitu cha watu. Unataka kiondoke mkononi."

Safari hii taulo lilikuja kwa hasira zote za mama wa mshtakiwa. Vumilia aliinamisha kichwa, likampita begani likatua koridoni. Akageuka akalitazama pale sakafuni.

"Nini?" Emérithe akauliza.

Kwenye maelezo ya polisi iliandikwa tu kwamba koti alibaki nalo Mikael. Hakuna aliyeuliza aliliokota wapi. Kama Janvier alisukuma akiwa bado analo, koti lingebaki ndani, au lingekimbia naye. Kama alilirusha kwanza, lilikuwa koridoni linamsubiri Mikael aanguke.

"Mama, hii si dawa bado," Vumilia alisema. "Anayejua ni Mikael, na mimi sina ruhusa ya kumtia maneno mdomoni. Nitamuuliza mbele ya watu, na sijui atajibu nini."

"Na akijibu vibaya?"

"Basi nitakuwa nimemfunga mwanao kwa mdomo wangu mwenyewe."

Emérithe akaokota taulo, akalikung'uta, akalikunja mara nne kwa uangalifu kabisa. Kisha akasema, "Uliza."

*

Kulibaki Mchungaji Zacharie. Alikuwa mtu wa Bukavu, mnene, mpole, fundi wa lifti siku za kazi. Kanisa lilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi, na Vumilia alimkuta anapanga viti.

"Bon, dada, nimesikia," akasema kabla hajasalimiwa. "Unataka video ifutwe. Nimeshaifuta."

"Umechelewa, mchungaji, wanayo. Nataka uje mahakamani uwe shahidi."

"Wa nini? Mimi sikuwepo kwenye kufua."

"Ulikuwepo kwenye ushuhuda. Yale maneno, tamaa, kumwaga damu, kubaki na koti. Ni ya nani?"

Mchungaji akaweka kiti chini.

"Dada. Wewe umekulia huku, lakini umekulia kanisani pia, nakuona. Unajua ushuhuda. Mtu akija na dhambi ya gramu, tunamsaidia ifike kilo, ili neema ya Mungu ionekane. Mama Leokadia hapa alishuhudia alikufa akafufuka. Alizimia kwa sukari! Nani atasimama aseme, mama, hukufa?"

"Na Janvier angesimama aseme, mchungaji, si hivyo?"

"Mbele ya kanisa lote? Na mimi nimemshika bega?" Akacheka, halafu kicheko kikamwishia njiani. "Donc unataka niseme mbele ya mahakimu wa Kiswidi kwamba ushuhuda kanisani kwangu ni wa kuongeza chumvi. Kesho watu watasema nini? Kesho kutwa nani ataamini hata mgonjwa aliyepona kweli?"

"Sitaki useme kuhusu ushuhuda wote. Nataka useme kuhusu sentensi moja."

"Sentensi moja inaangusha nyumba."

"Mchungaji, sentensi hiyohiyo inamwangusha Janvier." Vumilia hakupandisha sauti. "Mahakama itakuita na utakuja. Ila ukifika pale sitaki uje kumtetea Janvier. Sema kilichotokea tu."

Mchungaji alirudi kwenye viti vyake. Alipanga mstari mzima kabla ya kujibu, na alichojibu kilikuwa, "Hivi viti, dada, shika upande huo."

Vumilia akashika. Walipanga ukumbi mzima, na alipotoka hakujua kama amepata shahidi au amefanya usafi bure.

*

Chumba cha mahakama ya Nacka kilikuwa kidogo kuliko Emérithe alivyofikiria. Hakimu mmoja msomi wa sheria, mwanamke wa nywele za mvi, na wazee wa baraza watatu, watu wa kawaida. Mwendesha mashtaka, kijana mwanamume mwenye sauti tulivu, alisoma shtaka: Janvier aliiba koti, akafumwa palepale, akatumia nguvu kumpinga mwenye mali aliyetaka kulichukua. Unyang'anyi.

"Mshtakiwa anakiri wizi," Vumilia alisema. "Anakiri kumsukuma Mikael na kumwumiza. Anakana unyang'anyi. Koti alikuwa ameshaliachia."

Video ikachezwa, na tafsiri ya Kiswidi chini. Kwenye skrini kubwa jasho la mchungaji lilionekana tone kwa tone. Iliposikika amina, mzee mmoja wa baraza aliandika kitu. Vumilia aliuona mkono ule ukiandika, akakaza vidole vyake vya miguu ndani ya viatu.

Mikael akaitwa. Mtu wa makamo, bega pana, kifundo cha mkono bado kimefungwa bandeji ngumu. Alikuwa mkweli, ndiyo iliyokuwa shida yake na ndiyo iliyokuwa sifa yake.

"Ulikuwa unataka koti lako?" mwendesha mashtaka akamuuliza.

"Ndiyo. Ni langu."

"Na akakusukuma."

"Akanisukuma. Mkono ukavunjika."

"Asante."

Zamu ya Vumilia. Alisimama? Hapana, huku hawasimami. Alisogeza kiti tu.

"Pole kwa mkono, Mikael. Ulimshika Janvier wapi?"

"Hapa. Juu ya kiwiko."

"Kwa mkono mmoja?"

"Yote miwili. Ni kijana ana nguvu."

"Kwa hiyo koti hukuwa umelishika."

"Sikuwa."

"Yeye alikuwa amelishika?"

Mikael akafikiri. "Sikumbuki. Mambo yalienda haraka."

Angeweza kuishia pale. Wakili mwenye busara angeishia pale: mtu hakumbuki, shaka ipo, kaa kimya. Lakini shaka ile ilikuwa nyembamba, na nyuma yake kulikuwa na ile video inayosema kwa sauti kubwa. Vumilia alimwona Emérithe kwa pembe ya jicho, mkoba kifuani.

"Ulipoanguka, uliangukia nini?"

"Koridoni. Sakafu ya saruji. Mkono ulitangulia."

"Na mgongo?"

"Mgongo..." Mikael akasita. Akausogeza mgongo wake kwenye kiti kama anayeuliza wenyewe. "Mgongo haukuumia. Niliangukia kitu laini."

"Kitu gani?"

"Koti," Mikael akasema, na yeye mwenyewe akashangaa. "Koti langu. Nililivuta kutoka chini yangu nilipoinuka."

Mwendesha mashtaka akainua kichwa, akaomba kuuliza tena, na hakimu akamruhusu.

"Inawezekana lilianguka pamoja na wewe? Mlipokuwa mnavutana?"

Lile ndilo swali ambalo Vumilia aliliogopa tangu Fisksätra.

"Hapana," Mikael akasema pole pole. "Hatukulivuta. Alilirusha. Sasa naona. Zipu ilinipiga sikio hili. Ndipo nikamshika, kwa sababu nilikasirika. Koti nimepewa na binti yangu, na huyu analirusha kama takataka."

"Polisi hukuwaambia hivyo."

"Polisi waliniuliza kama alinisukuma. Alinisukuma."

Janvier naye alihojiwa. Hakupiga chumvi. Aliulizwa kwa nini aliwaambia polisi hakumbuki, akasema aliogopa. Aliulizwa kwa nini kanisani alisema amina. "Mchungaji alikuwa amenishika bega," akasema, na mwendesha mashtaka akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu ambaye bado ana karata.

Karata ya Vumilia nayo ilikuwa nje, kwenye benchi la koridoni, imevaa suti ya buluu. Mchungaji Zacharie aliingia, akatazama huku na huku.

"Biblia iko wapi?" akamnong'oneza mkalimani.

Hakuna Biblia. Hakimu alimsomea kiapo kwa vipande naye akakirudia kwa Kiswahili: kwa heshima yangu na dhamiri yangu, ninaahidi kusema ukweli wote, nisifiche kitu, nisiongeze kitu...

Pale akanyamaza. Mkalimani akarudia, nisiongeze kitu. Mchungaji akafuta kipaji cha uso.

"Nisiongeze kitu," akasema, "wala nisibadilishe."

Vumilia akamwuliza moja kwa moja. "Kwenye video kuna maneno: ili ubaki na mali ya watu. Ni maneno ya nani?"

"Yangu."

"Janvier alishakwambia hivyo? Kabla ya ibada, au siku nyingine yoyote?"

"Hapana. Aliniambia ameiba na amemsukuma mtu. Basi."

"Ulijuaje kwamba alimsukuma ili abaki na koti?"

Mchungaji Zacharie alitazama viti vya wasikilizaji. Kulikuwa na watu wake pale, Mama Leokadia mwenyewe kiti cha mbele, kilemba kimesimama.

"Sikujua," akasema. "Niliongeza."

Mwendesha mashtaka hakumwacha. "Kwa hiyo kanisani kwenu watu husema uongo, na wewe unawasaidia?"

"Bwana," mchungaji akasema, na sauti ilikuwa imemrudia, "kwa Mungu mtu haendi na wakili. Anajishtaki mpaka abaki mtupu, na mimi namsaidia kuvua. Wakati mwingine namvua hata nguo ambayo hakuvaa. Ni kosa langu, nitaliangalia. Lakini hapa kwenu mmeniapisha nisiongeze. Basi siongezi."

Mama Leokadia akainamisha kilemba. Haikujulikana kama ni hasira au sala.

Kwenye hoja za mwisho mwendesha mashtaka alisema Janvier alibadilisha maneno kila mahali alipopita, na ukweli wake unategemea anayemsikiliza. Vumilia alikuwa mfupi.

"Msitegemee maneno ya Janvier, hata mimi nisingeyategemea peke yake. Mtegemeeni Mikael. Koti lilikuwa chini ya mgongo wake. Kitu ambacho umekwisha kukirusha nje ya mlango hukipiganii tena. Aliacha hata mfuko wa mama yake. Alichokuwa anapigania ni mlango. Mwadhibuni kwa wizi. Mwadhibuni kwa kumvunja Mikael mkono, anastahili. Ila msimwadhibu kwa mpangilio ambao haukutokea."

Wakatolewa nje mahakama ijadiliane. Emérithe hakukaa. Alitembea koridoni kwenda na kurudi, na kila akipita mbele ya Janvier alimpiga kofi dogo begani, si la hasira, kama anahakikisha bado yupo. Mikael alikuwa upande wa pili, anakunywa kahawa ya mashine kwa mkono mmoja. Janvier akainuka ghafla. Vumilia akataka kumzuia, akamwacha.

"Samahani," Janvier akamwambia kwa Kiswidi. "Kwa mkono. Na kwa koti."

Mikael akamtazama kuanzia miguuni. "Lilikutosha?"

"Ndiyo."

"Mimi linanibana," Mikael akasema, na hakusema zaidi. Haukuwa msamaha, lakini alisogea kidogo kwenye benchi, na Janvier hakujua kama anaruhusiwa kukaa, akabaki amesimama.

Wakaitwa ndani.

Hakimu alisoma bila kupamba. Imethibitika kwamba Janvier aliiba koti. Imethibitika kwamba alimsukuma Mikael na kumvunja mkono, na hakuwa na haki ya kujitetea, kwa sababu Mikael alimshika kihalali. Haikuthibitika kwamba nguvu ilitumika kuzuia koti lisirudi kwa mwenyewe. Mikael mwenyewe ameeleza kwamba koti lilishaachiwa. Maneno ya kanisani hayabadilishi hilo, baada ya shahidi kueleza yalikotoka. Kwa hiyo ni wizi na kumdhuru mtu, si unyang'anyi. Adhabu: hukumu ya masharti, pamoja na kazi za jamii bila malipo, na fidia kwa Mikael.

"Maana yake nini?" Emérithe akamshika Vumilia mkono. "Niambie kwa Kiswahili cha nyumbani."

"Maana yake leo mnarudi wote wawili na basi lileile."

Emérithe hakupiga vigelegele. Alikaa chini, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaweka mkoba sakafuni.

Nje, karibu na kituo cha basi, Mchungaji Zacharie aliwafikia akihema.

"Janvier! Jumapili hii, mwanangu, ushuhuda. Mungu ametenda! Gereza lilikuwa limefungua mdomo, simba wote wamenyamaza..."

"Mchungaji," Vumilia akasema.

"Oui, dada?"

"Mwendesha mashtaka ana wiki tatu za kukata rufaa. Kabla hazijaisha huyu hashiki maikrofoni."

Mchungaji akafunga mdomo. Akamtazama Emérithe, kama anayetafuta msaada.

"Na zikiisha," Emérithe akasema, huku akimrekebisha mwanawe kola ya shati, "ataanza na koti kutoka mkononi. Halafu zipu kwenye sikio la mtu. Halafu kusukuma. Na wewe, mchungaji, utakuwa umekaa chini."

Basi likaja. Janvier alipanda wa kwanza, akarudi mlangoni, akakumbuka kitu.

"Dada Vumilia. Sare ya mama. Tunaipataje?"

"Nitawapigia polisi leo," Vumilia akasema. "Hiyo kesi hatushindwi."